Nikivua kava simu inachoma, nikiirudisha gemu linasuasua. Kipi ni kipi?

#1 Kidole_Gumba

Wakuu, salama? Naomba mnitegulie kitendawili hiki.

Nacheza gemu la kupigana risasi, mechi moja ni kama dakika 25. Simu ina mwaka na nusu. Dakika kumi za mwanzo mambo ni laini kabisa, fremu 60 kwa sekunde. Baada ya hapo mgongo unaanza kuwaka pale karibu na kamera, na ghafla gemu linakuwa zito. Nikigeuka kumlenga mtu, picha inafika nimeshakufa.

Niliambiwa nivue kava. Nimevua, na simu imekuwa ya moto ZAIDI mkononi. Nikirudisha kava, mkono unapata nafuu ila gemu linazidi kusuasua. Sasa kava linapooza au linapasha?

Mimi hitimisho langu ni kwamba watengenezaji wanaifanya simu ichoke makusudi ili tununue nyingine. Nipingeni.

#2 Mzee_wa_Kikosi

Hiyo siyo simu tena, ni pasi. Nyooshea shati halafu urudi mechini.

#3 Teknolojia_Baba

RAM imejaa. Funga programu zote za nyuma, weka kisafishaji kimoja kizuri, zima na uwashe. Mimi hufanya hivyo kila nikitaka kucheza na sijawahi kupata shida. Uzi ufungwe.

#4 FundiKimya

#3, taratibu. Programu inayofanya kazi kweli nyuma, kama inayopakia picha au kufuatilia ramani, inakula umeme na inaongeza joto, hapo uko sahihi. Lakini kilicholala kwenye RAM hakipashi simu moto. Na hicho kisafishaji chenyewe ni programu inayozunguka muda wote, tena kila inachokifunga kitafunguka upya kwa kutumia nguvu nyingi kuliko kikiachwa kimelala.

Mleta uzi, kitendawili chako kina jibu zuri kuliko unavyodhani. Umeme wote unaotoka kwenye betri unaishia kuwa joto, karibu wote. Ukicheza gemu zito, chipu na skrini kwa pamoja zinaweza kula wati 6 au zaidi. Simu haina feni, kwa hiyo joto hilo linatoka kwa njia moja tu: kupitia ngozi ya simu kwenda hewani na kwenye viganja vyako.

Chukulia mtungi wenye tundu chini. Gemu linamimina maji juu, tundu linavujisha chini. Mwanzoni mtungi ni mtupu, ndiyo maana dakika kumi za kwanza ni tamu. Maji yakikaribia mdomo, simu inapunguza bomba la juu, yaani inaiamuru chipu ishushe mwendo. Huko ndiko kusuasua kwako.

Kava linaziba sehemu ya tundu. Plastiki na mpira havipitishi joto vizuri. Ukivua, joto lililokuwa limefungiwa linafika mkononi mwako, nawe unasema simu imezidi moto. Imezidi moto *mkononi*. Ndani imepoa. Mkono wako unapima joto linalotoka, haupimi lililobaki.

#5 Kidole_Gumba

Duh. Kwa hiyo kadiri inavyonichoma ndivyo ilivyo salama?

#6 FundiKimya

Usifike huko 😀 Ni kwa simu ileile na gemu lilelile, unapolinganisha kava na bila kava. Ikikuchoma kuliko ilivyokuwa jana bila wewe kubadili chochote, hiyo ni habari nyingine.

#7 Sina_Presha

Samahani naingilia. Yangu ikifika asilimia 80 inakataa kuendelea kuchaji, hata kama sichezi gemu. Ni joto hilohilo?

#8 Nahodha_Mstaafu

#7, umekosa basi ndugu yangu, ila panda tu. Angalia mipangilio ya betri. Simu nyingi siku hizi zina kipengele cha kulinda betri kinachoisimamisha kwenye 80. Kama kimezimwa na bado inagoma, na mgongo ni wa moto, basi inasubiri ipoe. Ikifika 80 ikiwa baridi kabisa, ni mpangilio.

#9 Sina_Presha

Ni mpangilio. Nimeona. Asante, natoka kimyakimya.

#10 Jicho_la_Tatu

Narudi kwenye hoja ya mleta uzi kuhusu kuchokesha simu makusudi, maana mmeipita kama hamkuiona. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza mwendo wa iPhone zenye betri zilizochakaa. Mwaka 2022 Samsung wakabanwa kuhusu ile huduma yao ya kuratibu magemu, GOS, mpaka wakatoa sasisho la kumwachia mtumiaji uamuzi. Halafu mnatuambia mtungi na tundu?

#11 FundiKimya

Matukio yote mawili ni kweli, ila usiyatie kwenye kapu moja. La 2017 halikuwa joto. Betri iliyochakaa ikidaiwa umeme mwingi kwa ghafla, volti zake zinaporomoka na simu inazima. Wakapunguza mwendo ili isizime. Kosa lao lilikuwa kutowaambia watu. La 2022 ndilo linalogusa mada: GOS ilikuwa inabana magemu, na malalamiko yalikuwa kwamba programu za kupima kasi hazikubanwa. Kwa hiyo simu ilionekana ya kasi kwenye mizani na ya polepole kwenye gemu.

Lakini hata ungemwondoa kila mtengenezaji mwenye hila, tundu lingebaki na ukubwa uleule.

#12 Mama_Pacha

Mimi siyo mchezaji, wachezaji ni wanangu. Wanacheza wamelala kitandani, simu imelala kwenye godoro, imechomekwa chaja, na mto umeegemea juu yake. Juzi nimeinyanyua nikaiachia, nilidhani nimeshika sufuria. Skrini ilikuwa imefifia yenyewe. Je, hiyo imeshaharibika?

#13 FundiKimya

Mama Pacha, shikamoo. Skrini kufifia yenyewe ni simu kujinusuru, kwa kuwa skrini nayo inakula sehemu kubwa ya umeme. Kwa mara moja pengine haijaharibika, ila betri haisahau: joto pamoja na chaji iliyojaa ndivyo vinavyoizeesha haraka. Hapo kwenye godoro tundu la mtungi limezibwa kote kote na bomba la pili limefunguliwa. Cha kwanza chomoa chaja, cha pili iondoke kwenye godoro. Na chungulia pembeni: kama kioo au mfuniko umeinuka hata kidogo, betri imevimba. Hiyo isichajiwe tena kabisa, iende kwa fundi.

#14 Mama_Pacha

Marahaba. Haijainuka. Mto nimeutaifisha.

#15 Hesabu_Haziongopi

Huu mtungi naupenda, ngoja niutie namba. Ni makadirio, msinishike shati.

Simu ya gramu 200 hivi inahitaji kama jouli 170 ili ipande nyuzi moja. Gemu linaingiza wati 6, yaani jouli 360 kwa dakika. Chumba kina nyuzi 27 na simu imeanzia hapohapo, kwa hiyo mwanzoni hakuna kinachovuja na inapanda nyuzi mbili kwa dakika. Inavyopanda ndivyo uvujaji unavyokua. Nikichukulia kwamba bila kava simu inatoa wati 4 ikiwa juu ya chumba kwa nyuzi 15, basi inagusa nyuzi 43 kwenye dakika ya 13 hivi. Nimechagua 43 kwa sababu maeneo hayo ndipo simu nyingi huanza kulinda ngozi ya mtumiaji.

Sasa nivalishe kava linalopunguza uvujaji kwa robo. Inagusa 43 dakika ya 11.

Mnaona? Tofauti ni dakika mbili tu! Nilitarajia kubwa zaidi. Lakini tazameni kinachofuata. Baada ya kugusa 43, simu haina budi kuishi kwa kile inachoweza kuvujisha. Bila kava ni wati 4 na ushei. Ukiwa na kava ni 3 na ushei. Kava halikuibii mwanzo wa mechi, linakuibia nusu ya pili.

#16 Kidole_Gumba

Hii ndiyo hali yangu neno kwa neno! Mwanzo haubadiliki sana, mwisho ndiyo msiba.

#17 Teknolojia_Baba

Nyuzi 43 tu? Chipu zinastahimili mpaka 90. Simu inaogopa bure. Fungueni mipaka tucheze.

#18 FundiKimya

Chipu yenyewe inastahimili, ndiyo, na katikati ya mechi pengine iko 70 au 80 muda huu. Anayeweka mpaka siyo chipu. Ni ngozi yako, na ni betri iliyolala sentimita chache pembeni yake. Betri ya lithiamu kwa kawaida haitakiwi kuchajiwa ikipita nyuzi 45. Fungua mipaka, chipu itafurahi, jirani yake atakufa mapema.

#19 Mzee_wa_Kikosi

Jirani atakufa mapema 😂 huyu fundi siyo kimya hata kidogo.

#20 Waya_Mbili

Mleta uzi, acha kutumia mkono kama kipimo. Kwa Android unaweza kuiuliza simu yenyewe. Washa mipangilio ya msanidi na ndani yake utatuzi wa USB, unganisha na kompyuta, kisha:

```
adb shell dumpsys battery
adb shell dumpsys thermalservice
```

Ya kwanza itakupa mstari kama `temperature: 396`. Hiyo ni nyuzi 39.6, gawanya kwa kumi. Ya pili tafuta `Thermal Status`. 0 maana yake simu imetulia, 1 imeanza kubana kidogo, 2 inabana kwa kiasi unachoweza kukihisi, 3 hali ni mbaya. Ngazi zinaendelea mpaka 6, ambayo ni kuzima.

#21 Hesabu_Haziongopi

#20, umemtegea mtego bila kukusudia. Akiunganisha kwa waya wa USB, kompyuta inaichaji simu. Atakuwa anapima gemu pamoja na chaja na kuita ni gemu. Kuanzia Android 11 kuna kuunganisha kwa waifai, atumie hiyo.

#22 Waya_Mbili

Umenikamata. Miaka yote nilikuwa napima hivyohivyo kwa waya nikijiona mwanasayansi.

#23 Kidole_Gumba

Nimerudi na majibu. Chumba kilekile, ramani ileile, mwangaza wa skrini nusu, kwa waifai. Kila jaribio nilisubiri joto la betri lishuke chini ya nyuzi 30 kwanza, ndiyo maana imenichukua siku mbili.

Bila kava, bila chaja: `Thermal Status` ilikaa 0 mpaka dakika ya 14, ikaenda 1, na mwisho wa mechi nilikuwa na fremu 50 hivi. Betri ilifika 40.8.

Na kava, bila chaja: ikaenda 1 dakika ya 11 na 2 dakika ya 16. Fremu zikashuka mpaka 38 na zinarukaruka. Betri 42.9.

Na kava, na chaja: hapa nilitaka kulia. Ngazi ya 1 dakika ya 6 tu. Kufikia dakika ya 15 fremu ziko 30 na skrini imefifia. Betri ikafika 44 na asilimia ikaacha kupanda. Chaja imechomekwa, alama ya kuchaji ipo, nami nimemaliza mechi nikiwa na chaji pungufu kuliko nilivyoanza nayo!

Hesabu, ulikisia dakika 13 na 11, mimi nimepata 14 na 11. Wewe ni mganga?

#24 Hesabu_Haziongopi

Ni bahati. Ningeweza kukosea mara mbili na bado nikaeleza kwa nini.

#25 FundiKimya

Kazi safi. Tahadhari moja: kipimo cha betri kinachelewa, kwa sababu joto linatoka kwenye chipu kwanza. Ukiona betri 40 usidhani simu yote ni 40.

Hilo la chaja: tuseme chaja inaingiza wati 15, na kati ya mzunguko wa kuchaji na betri yenyewe sehemu moja ya kumi inapotea kama joto. Hiyo ni wati 1.5 ndani ya mwili ambao ukiwa na kava unaweza kutoa 3 tu. Nusu ya bajeti imeliwa kabla gemu halijaanza. Halafu betri ikikaribia 45 simu inapunguza kuchaji au inasitisha, na gemu linaendelea kunywa. Ndiyo maana umemaliza na pungufu. Chaja ya kuweka simu juu bila waya ingekuwa mbaya zaidi, kwani inapoteza zaidi na joto lake linaingia palepale mgongoni.

#26 Nahodha_Mstaafu

Niongezee hapo. Baadhi ya simu zina njia ya kuruka betri: umeme wa chaja unaenda moja kwa moja kwenye simu na betri inapumzika. Sony Xperia wanaiita `H.S. Power Control`, Samsung wanayo kwenye mipangilio ya magemu kwa jina la `Pause USB Power Delivery`, ila inahitaji chaja ya USB PD na betri isiwe chini sana. Mimi tangu niiwashe nacheza nikiwa nimechomeka na sioni tofauti na kucheza bila chaja. Joto la chipu halipungui, msidanganyike. Linaondoka lile la kuchaji tu.

#27 Barafu_Moyo

Mnahangaika sana. Friji dakika tano kabla ya mechi, ukitoka simu iko safi. Nafanya mwaka wa pili huu.

#28 FundiKimya

Mtungi umeumwaga ukawa mtupu kweli, sikatai. Ila simu baridi ikiingia kwenye hewa ya joto inavuta umande, nje na ndani. Ule wa nje unaufuta. Wa ndani unakaa juu ya saketi ukisubiri siku yake.

#29 Barafu_Moyo

Mwaka wa pili nimesema.

#30 Mzee_wa_Kikosi

Hata aliyeruka kutoka ghorofani, kila dirisha alilopita alisema mpaka hapa salama.

#31 Kidole_Gumba

Fundi, na vile vifeni vya kubana mgongoni?

#32 Waya_Mbili

Ninacho. Ukikibandika juu ya kava ni mapambo tu, unapooza kava. Vua kava, kiweke pale panapochoma na siyo katikati kwa sababu panapendeza. Chenye kile kibati cha baridi kinafanya kazi kuliko feni tupu, ila kwenye hewa yenye unyevu nacho kinatoa umande, alichosema fundi kwa #27 kinakuhusu.

#33 Hesabu_Haziongopi

Kabla hujanunua chochote, jaribu kufunga fremu kwenye 45 au 40 ndani ya gemu. Chipu ikishusha mwendo inashusha na volti zake, na volti zinahesabika mara mbili kwenye ulaji wa umeme. Kwa hiyo ukipunguza robo ya mwendo unaokoa zaidi ya robo ya joto.

#34 Kidole_Gumba

Nimejaribu sasa hivi. Fremu 45, bila kava, bila chaja. Dakika 25 nzima `Thermal Status` haikutoka 0, betri 38.4. Na ajabu, gemu nalihisi laini kuliko lilipokuwa likianza na 60 na kuporomoka. Dakika tano za kwanza jicho linalalamika, baadaye linazoea.

Lakini bado sijaridhika. Mwaka jana simu hii hii, gemu hili hili, kava hili hili, nilicheza 60 mechi tatu mfululizo. Nini kimebadilika?

#35 Jicho_la_Tatu

Sasisho. Nilisema.

#36 Nahodha_Mstaafu

Betri imezeeka. Ukinzani wa ndani unapanda, inajipasha yenyewe.

#37 Hesabu_Haziongopi

#36, inajipasha, lakini kiasi gani? Wati 6 kwenye betri ni kama ampea 1.6. Ukinzani ukiwa omu 0.1, joto la betri ni robo ya wati. Ukinzani ukiongezeka mara mbili, ni nusu wati. Ni kitu, ila hakitoshi kula fremu kumi na tano.

#38 Nahodha_Mstaafu

Nilibadilisha betri na simu yangu ikapoa. Hesabu zako sijui, mkono wangu unajua.

#39 FundiKimya

Mkono tena 😀 Nahodha, fundi alipofungua simu yako huenda alirudisha pia karatasi za grafiti zinazosambaza joto, au alizibandika vizuri kuliko zilivyokuwa. Huwezi kujua ni kipi kilichopoza. Na ningeliangalia gemu lenyewe. Ndani ya mwaka magemu haya yanaongeza ramani na vivuli, jina linabaki lilelile. Mleta uzi, je, ubora wa picha ulijirudisha juu baada ya sasisho?

#40 Kidole_Gumba

Ngoja… ubora uko "Juu Sana". Naapa niliuacha "Kati".

#41 Jicho_la_Tatu

SASISHO. NILISEMA.

#42 FundiKimya

Hukusema hilo, ulisema njama.

#43 Kidole_Gumba

Nimeurudisha Kati, fremu 60, bila kava. Imebana dakika ya 20. Ni afadhali kuliko 14, ila mwaka jana haikubana kabisa. Kwa hiyo Nahodha bado ana haki ya kuongea.

#44 Nahodha_Mstaafu

Nimekaa, naongea. Badilisha betri.

#45 Hesabu_Haziongopi

Mwaka jana ulicheza mwezi gani? Chumba kikiwa na nyuzi 22 badala ya 27, mtungi wako una nafasi ya nyuzi tano zaidi.

#46 Kidole_Gumba

Sikumbuki. Chumba kilekile, dirisha lilikuwa wazi nadhani.

#47 Sina_Presha

Nimerudi. Nimezima ule mpangilio wa 80, sasa inafika 100 lakini inawaka moto nikicheza. Nifanyeje?

#48 Mzee_wa_Kikosi

Anza #1.